Ankara imepita tarehe na mteja hajalipa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumkumbusha kwa hatua

Majibu haya ni kwa mzabuni mdogo wa Tanzania Bara anayeuza kwa mkopo wa siku kadhaa kwa hoteli, shule, hospitali au kampuni. Ili tusizungumze hewani, tutatumia ankara moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni ankara Na. 0147 ya Jumatatu, 5 Mei 2025, ya hoteli moja: madumu 40 ya sabuni ya maji (lita 20 kila moja) kwa shilingi 60,000, na mabunda 30 ya karatasi za chooni kwa shilingi 40,000. Jumla ni 3,600,000, VAT ya asilimia 18 ni 648,000, kwa hiyo hoteli inadaiwa 4,248,000. Makubaliano yalikuwa siku 30, hivyo mwisho wa kulipa ni Jumatano, 4 Juni.

Nianze kukumbusha lini hasa?

Anza kabla deni halijachelewa, ila usiite kukumbusha. Wiki moja kabla, yaani tarehe 28 Mei, piga simu uhasibu uulize mambo mawili tu: ankara 0147 imefika? Na imeshaingizwa kwenye orodha ya malipo? Hapo hudai chochote, unathibitisha karatasi.

Simu hii ya dakika mbili huokoa wiki kadhaa, kwa sababu ankara nyingi zinazochelewa hazijakataliwa na mtu. Zimekwama. Dereva alimwachia mlinzi wa getini, stoo wakapokea mzigo bila kupeleka hati ya kupokelea uhasibu, au namba ya LPO haikuandikwa kwenye ankara na mhasibu akaiweka pembeni akisubiri mtu aulize. Ukigundua hilo tarehe 28 Mei, unatuma nakala siku hiyohiyo. Ukigundua tarehe 25 Juni, uhasibu watakuambia siku 30 zinahesabiwa tangu walipoipokea, na utakuwa umerudi mwanzo.

Katika simu hiyohiyo uliza wanalipa wazabuni siku gani. Ofisi nyingi zina siku moja ya wiki ya kutoa malipo. Kama ni Ijumaa, ujumbe wa Ijumaa mchana umechelewa, ila wa Jumatatu asubuhi unakuta orodha bado inaandaliwa. Hatua zote zinazofuata zipangie siku hiyo.

Kuna hatua ngapi, na zinapishana kwa muda gani?

Kwa mkopo wa siku 30 hatua nne zinatosha. Kwa ankara yetu zingekaa hivi: ujumbe mfupi Jumatatu 9 Juni, barua pepe yenye viambatisho Jumatatu 16 Juni, barua kwa mkubwa wa mhasibu Jumatano 25 Juni, na barua rasmi ya madai Jumanne 8 Julai. Ya mwisho tumeisogeza siku moja kwa sababu tarehe 7 ni Sabasaba. Ya kwanza haikutumwa tarehe 5 Juni kwa sababu mwisho wa wiki ile ulikuwa na Idi el-Hajj, na ujumbe wa siku moja baada ya tarehe ya malipo unaonekana kama umekaa mlangoni unamsubiri mtu.

Kanuni ya kupanda ni hii: kila hatua ibadilishe kitu kimoja au viwili tu. Ama unabadilisha unayemwandikia, ama unachoomba, ama kitakachofuata asipolipa. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, kwa mfano kutoka ujumbe wa WhatsApp wa leo hadi kutaja wakili kesho, mteja haoni ngazi, anaona hasira. Na ukituma ujumbe uleule mara tano, anajifunza kwamba wa sita nao hautakuwa na lolote.

Ujumbe wa kwanza uandikwe vipi?

Mfupi, kwa mtu unayemfahamu uhasibu, kwa njia mnayowasiliana kila siku. Chukulia tu kwamba amesahau:

*Habari za asubuhi, dada. Naomba kukukumbusha ankara Na. 0147 ya 5 Mei, sh. 4,248,000, ambayo tarehe yake ya malipo ilikuwa 4 Juni. Kama malipo yameshatoka, naomba unitumie uthibitisho wa benki ili nifunge hesabu. Kama bado, naomba unijulishe kama itaingia kwenye malipo ya Ijumaa hii. Asante.*

Namba, tarehe, kiasi na swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana. Sentensi ya "kama yameshatoka" inamwachia mlango wa heshima. Ukikuta kweli alilipa jana, hakuna aliyeaibika. Kama mhasibu ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo hata kwa maandishi. Haipunguzi dai lako hata shilingi, na kuiruka kunakumbukwa.

Kitu cha kuacha ni "samahani kwa usumbufu". Kudai chako siyo usumbufu, na sentensi hiyo inamwambia msomaji kwamba hata wewe unaona jambo hili laweza kusubiri.

Hakujibu. Barua pepe ya pili ina tofauti gani?

Inaleta ushahidi na inaomba tarehe. Ambatisha vitu vinne katika faili moja la PDF: ankara, LPO yao, hati ya kupokelea mzigo yenye saini na muhuri wa stoo, na risiti ya EFD. Ukitenganisha, moja itapotea na utaambiwa "hatujaona hati ya kupokelea". Kichwa cha barua kijieleze bila kufunguliwa: *Ankara Na. 0147, sh. 4,248,000, imepita tarehe kwa siku 12.*

*Habari. Narejea ujumbe wangu wa 9 Juni kuhusu ankara Na. 0147, ambayo bado haijalipwa. Nimeambatisha ankara, LPO, hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD. Kama kuna nyaraka inayokosekana au kasoro yoyote kwenye mzigo, naomba tuelezwe kabla ya Alhamisi, 19 Juni. Kama hakuna, naomba mtujulishe tarehe ambayo malipo yatafanyika.*

Angalia kwamba huombi tena "malipo", unaomba tarehe. Mtu asiye na madaraka ya kusaini hundi hawezi kukuahidi pesa, ila anaweza kuuliza na kukupa siku. Na siku ikishaandikwa na upande wao, hatua ya tatu inapata mguu wa kusimamia.

Mchana wa siku hiyohiyo piga simu, kisha andika mstari mmoja wa kuthibitisha mliyozungumza: "Kama tulivyoongea saa nane, malipo yatatoka Ijumaa 20 Juni." Ahadi ya simu isiyoandikwa huwa haikutolewa.

Maneno yapi yanaongeza uzito bila kuwa ya ukali?

Kiswahili kina ngazi yake tayari, itumie. *Naulizia*, halafu *nakumbusha*, halafu *tunaomba malipo yafanyike ifikapo tarehe fulani*, na mwisho *tunadai*. Neno *tunadai* liweke akiba mpaka barua ya nne. Likitumika mapema hutabakiwa na neno la kupanda nalo. Vilevile, kutoka *naomba* kwenda *tunaomba* ni hatua: mwanzoni anaongea mtu, baadaye inaongea biashara.

Katika hatua za mwanzo, mtendwa awe ankara: "ankara haijalipwa". Sentensi kama "hamjalipa" au "mmekuwa mkituzungusha" inamfanya mhasibu ajitetee, na huenda naye anasubiri saini kama wewe. Uzito wote utoke kwenye tarehe na tarakimu. Vielezi kama "kwa masikitiko makubwa", herufi kubwa na alama tatu za mshangao havijawahi kuharakisha saini ya mtu.

Nikiambiwa "bosi amesafiri", "tunashughulikia" au "njoo Ijumaa", nijibu nini?

Kila jibu la namna hii lina swali lake dogo linalolifuata, na ni zuri kuwa nalo tayari. Bosi amesafiri: anarudi lini, na nani anasaini asipokuwepo? Tunashughulikia: imefika meza gani, uhasibu au kwa mtia saini? Njoo Ijumaa: nije kuchukua hundi, au malipo yataingia benki? Hatujapata ankara: "Naituma sasa hivi, naomba unithibitishie imefungukia kwako," na unabaki kwenye simu mpaka afungue.

Swali la meza ndilo lenye faida zaidi. Likijibiwa kwa jina la cheo ("iko kwa meneja fedha tangu Jumatano") maana yake karatasi inatembea. Likijibiwa kwa "iko kwenye mchakato" mara mbili mfululizo, hakuna mchakato, na usisubiri tena kupanda ngazi.

Hatua ya tatu: namwandikia bosi wake. Si kumchongea mhasibu?

Itakuwa kumchongea kama utaandika kwamba mhasibu hakusaidii. Usimtaje kwa ubaya, na umwekee nakala ili asikute jambo limempita nyuma ya mgongo. Simu moja kabla ya kutuma inafaa sana: "Dada, kwa taratibu zetu ikifika siku 21 inabidi nimwandikie meneja fedha, nimekuwekea nakala." Mara nyingi mhasibu mwenyewe anafurahi, maana sasa ana karatasi ya kumpelekea bosi.

Ambatisha stetimenti ya deni: safu ya ankara zote za mteja, zilizolipwa na zisizolipwa, na idadi ya siku zilizopita. Kisha taja matokeo ya kwanza, ambayo yako ndani ya uwezo wako kabisa, nayo ni kusimamisha mkopo:

*Ndugu Meneja Fedha, ankara Na. 0147 ya sh. 4,248,000 imepita tarehe kwa siku 21. Tumewasiliana na ofisi yako tarehe 9 na 16 Juni, na tarehe ya malipo iliyotajwa (20 Juni) imepita. Tunaomba malipo yafanyike ifikapo Ijumaa, 4 Julai. Hadi hapo, oda mpya tutazihudumia kwa malipo ya kabla ya mzigo kutoka. Kama malipo ya mara moja ni magumu, tupo tayari kupokea pendekezo la awamu kwa maandishi.*

Ukiandika hivyo, lishike. Kinachovunja mfululizo huu kuliko kitu kingine ni mzabuni kuandika kwamba mkopo umesimama, kisha Jumamosi akapeleka madumu 20 kwa sababu mtu wa stoo amempigia. Kuanzia hapo barua ya nne haina nguvu tena, na wao wanajua.

Wamelipa sehemu tu. Naendelea na hatua au naanza upya?

Tuseme wameingiza 2,000,000 tarehe 27 Juni. Shukuru siku hiyohiyo, na katika ujumbe huohuo andika: "Tumepokea sh. 2,000,000 kwa ankara Na. 0147. Salio ni sh. 2,248,000. Naomba kuthibitisha kwamba salio litalipwa ifikapo 4 Julai." Hatua haianzi upya. Inabaki palepale ilipofika, kiasi tu ndicho kinachobadilika.

Jibu lao la "sawa, salio tutalipa" litunze vizuri. Kwa sheria ya ukomo wa muda ya Tanzania, dai la mkataba lina miaka 6, na kukiri deni kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha kunaanzisha hesabu ya muda upya. Kwa hiyo barua yao yenye saini na muhuri ni bora mara kumi kuliko ahadi ya mdomo.

Kabla hujamwambia mtu amepunja, hakikisha pungufu siyo kodi ya zuio. Anayelipia huduma huzuia asilimia 5 ya bei kabla ya VAT na kuipeleka TRA. Taasisi ya serikali inayonunua bidhaa huzuia asilimia 2. Ukifanya usafi wa shilingi 1,000,000 na ukakuta pungufu la 50,000 kamili, hilo si deni. Unachodai hapo ni cheti cha kodi ya zuio, ambacho utakihitaji kwenye hesabu zako za mwaka.

Wanasema mzigo ulikuwa na kasoro. Nisimamishe kukumbusha?

Simamisha kwa sehemu yenye ubishi tu. Tuseme mabunda matatu ya karatasi yalifika yameloa. Hayo ni 120,000, na VAT yake 21,600, jumla 141,600. Jibu kwa maandishi kwamba sehemu hiyo inachunguzwa, na kwamba 4,106,400 isiyo na ubishi inabaki na tarehe yake. Kisha maliza ubishi haraka: angalia hati ya kupokelea kama stoo waliandika kasoro, na kama ni kweli toa kredinoti ya 141,600 au peleka mabunda mengine.

Malalamiko ya kweli huwa yanakuja wiki ya mzigo. Yanayozuka baada ya barua ya tatu mara nyingi yanatafuta muda, lakini usiandike hivyo popote. Swali la barua ya pili, "kama kuna kasoro tuelezwe kabla ya 19 Juni", liliwekwa kwa ajili ya siku hii.

Naruhusiwa kuongeza riba ya ucheleweshaji?

Kama iko kwenye mkataba au masharti waliyosaini, ndiyo, kwa kiwango kilichoandikwa. Kama haikuandikwa, usiibuni katikati ya safari. Itaongeza kitu cha kubishania, na ankara iliyokuwa safi itakuwa na ugomvi ndani yake.

VAT ya ankara isiyolipwa naidaiwa mimi?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanaumia. Kwa aliyesajiliwa VAT, kodi inakwenda na ankara, haisubiri malipo. Ankara ya 5 Mei inaingia ritani ya Mei, inayowasilishwa ifikapo 20 Juni. Maana yake 648,000 ya mfano wetu inahesabiwa kabla hoteli haijatoa senti. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza zinabanwa kabla ya tarehe 20. Usimweleze mteja habari hii kama kilio chako. Ipange tu kwenye kalenda.

Barua ya nne iweje?

Hii inachapwa kwenye karatasi yenye kichwa cha biashara, inasainiwa, inagongwa muhuri, na inapelekwa kwa mkono kwa mkurugenzi. Nenda na kitabu cha kupelekea barua au nakala ya pili, wapokee kwa saini, tarehe na muhuri. Barua isiyo na alama ya kupokelewa itakuja kuambiwa haikufika.

*YAH: MADAI YA MALIPO YA ANKARA NA. 0147, SH. 4,248,000*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 5 Mei 2025 tuliwauzia na kuwakabidhi bidhaa kwa mujibu wa LPO yenu, na malipo yalipaswa kufanyika ifikapo 4 Juni 2025. Tumewakumbusha tarehe 9, 16 na 25 Juni. Hadi leo, 8 Julai 2025, deni lote halijalipwa.*

*Kwa barua hii tunadai malipo ya sh. 4,248,000 ndani ya siku 14, yaani ifikapo Jumanne, 22 Julai 2025. Muda huo ukipita bila malipo au makubaliano ya maandishi, tutachukua hatua za kisheria bila kutoa taarifa nyingine.*

Usitishie usichokusudia. Kiasi kama hiki kinaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakamani utakachoulizwa ni nyaraka zilezile nne pamoja na barua zako. Kwa msomaji wa Kenya, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai hadi shilingi 1,000,000 za Kenya, na sheria yake inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60.

Polisi si njia. Ankara isiyolipwa ni madai, si jinai. Kumwanika mteja kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara nako kunampa yeye kesi dhidi yako, na deni linabaki palepale.

Naweza kubadilisha namba ya akaunti kwenye barua ya kukumbusha?

Usifanye hivyo. Matapeli huingilia barua pepe na kutuma "akaunti mpya" kwa mtindo huohuo, kwa hiyo uhasibu makini watasimamisha malipo mpaka wahakikishe. Akaunti iwe ileile iliyo kwenye ankara, kwa jina lilelile la biashara. Kama umelazimika kubadilisha benki, peleka barua tofauti yenye muhuri kwa mkono, nao wakupigie kwa namba waliyokuwa nayo zamani.

Wamelipa tarehe 21 Julai. Sasa je?

Tuma uthibitisho wa kupokea siku hiyohiyo kwa wote waliopata barua ya nne, ukitaja kwamba deni la ankara 0147 limeisha na barua ya 8 Julai imefungwa. Mhasibu anahitaji karatasi hiyo kwenye faili. Usirudishe mkopo wa siku 30 papo hapo: oda mbili za kwanza zilipwe nusu kabla ya mzigo kutoka, inayofuata iwe ya siku 14, na kwenye LPO mpya hakikisha siku za malipo na jina la cheo cha anayeidhinisha vimeandikwa.